Mkebe wa Kibuye ni rahisi kwa zaidi ya elfu moja. Nimpe mtoto au niurudishe?

Habari yako dada. Ninaishi Nyalenda hapa Kisumu na ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miezi minne na juzi kliniki alikuwa kilo sita kamili. Hanyonyi, ni maziwa ya mkebe tu mchana na usiku. Baba yake yuko Nakuru, hutuma anachopata, lakini maziwa yanameza pesa yote. Nimezunguka nikapata hivi: duka la dawa wana mkebe wa gramu 400 nambari moja kwa 1,450. Supamaketi wana wa gramu 900 nambari moja kwa 2,960. Jirani ananisukuma ninunue ule wa gramu 800 wa 3,800, anasema ndio unaojenga akili. Halafu soko la Kibuye kuna mama aliniuzia wa gramu 900 kwa 1,900. Huo ni nambari mbili, umeingia kupitia Busia, na anasema nikiongeza maji kidogo mtoto wa miezi minne ataumudu. Nimeulipia lakini sijaufungua. Chini yake tarehe zimeandikwa juu ya doa jeupe lililochujuka, na herufi zake zimepinda. Nichukue upi, na huu niufanye nini?
Mama Mdogo, Nyalenda

Mama Mdogo, pole sana kwa kumpoteza dada yako. Nianze na lile lisilongoja: mkebe wa Kibuye usiufungue wala usimpe mtoto hata kijiko kimoja. Zipo sababu mbili, na kila moja ingetosha peke yake. Katika hiyo mingine mitatu, mimi ningemnunulia ule wa gramu 900 nambari moja wa supamaketi. Sasa nikuonyeshe nimefikaje hapo, ili hata bei zikibadilika mwezi ujao uweze kuhesabu mwenyewe ukiwa umesimama mbele ya rafu.

Bei iliyobandikwa kwenye mkebe haikwambii kitu mpaka ujue mkebe huo unatoa chupa ngapi. Ugeuze mkebe, utafute jedwali dogo la kulisha. Humo mna mambo mawili unayoyataka: kijiko kimoja kina gramu ngapi za unga, na kinakwenda na mililita ngapi za maji. Mikebe mingi ina kijiko kidogo cha gramu nne na nusu hivi kinachokwenda na mililita 30 za maji. Mingine ina kijiko kikubwa cha karibu gramu tisa kinachokwenda na mililita 60. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mmoja anahesabu vijiko 90 kwenye mkebe wake, mwenzake anahesabu 200, na yule wa 200 anadhani ameshinda, kumbe vijiko vyao havilingani. Ukihesabu kwa gramu huwezi kupotea, kwa sababu maziwa ya watoto karibu yote yanachanganywa kwa uzito ule ule: kama gramu 15 za unga kwa kila mililita 100 za maji.

Mtoto anayekula maziwa tu huhitaji kama mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Wako ni kilo sita, kwa hiyo ni mililita 900 hivi, yaani chupa sita za mililita 150. Kwa kijiko kidogo ni vijiko vitano kila chupa, vijiko thelathini kwa siku, gramu 135 za unga. Kuna siku atapitisha kidogo na siku atapunguza, na hilo ni la kawaida, lakini kwa bajeti ya mwezi hesabu hii inakufaa.

Mkebe wa gramu 400 basi unatoa chupa 18 kasoro kidogo. Gawa 1,450, kila chupa inakugharimu shilingi 82, na mkebe unakwisha kwa siku tatu. Mwezi mzima ni mikebe kumi na kitu, karibu shilingi 14,700. Ule wa gramu 900 wa supamaketi unatoa chupa 40, kila moja shilingi 74, na unakaa siku sita na nusu hivi. Kwa mwezi ni mikebe minne na nusu, kama 13,300. Wa jirani, gramu 800 kwa 3,800, unatoa chupa 35 na nusu kwa shilingi 107 kila moja, na kwa mwezi unapita 19,200.

Kuna njia ya mkato ukiwa dukani na simu mkononi: gawa bei kwa gramu. Mdogo unakupa shilingi 3.63 kwa gramu, wa supamaketi 3.29, wa jirani 4.75. Anayeshinda hapo ndiye atakayeshinda kwenye chupa. Ila kabla ya kulipa, linganisha jedwali lililo nyuma ya mkebe na vipimo nilivyotumia mimi. Ukikuta gramu zake kwa mililita 30 ziko mbali na hizi, weka zake kwenye hesabu.

Sasa, tofauti ya mkebe mdogo na mkubwa ni shilingi 1,400 hivi kwa mwezi. Ni pesa nzuri, lakini inadai uwe na karibu elfu tatu kwa mkupuo. Najua pesa za Nakuru haziji zote siku moja. Kama leo mfukoni una 1,500, nunua mdogo bila kujilaumu. Chupa moja inakupita shilingi nane tu, na ni afadhali hiyo kuliko kungoja mkebe mkubwa huku unapunguza vijiko ili uliopo usogee. Mkebe mkubwa hauna hatari ya kuharibika kwako, maana ukishafunguliwa watengenezaji wengi huruhusu wiki tatu hadi nne, na wako utaisha kabla ya wiki kwisha. Andika kwa kalamu juu ya kifuniko siku uliyoufungua, na usome vizuri muda ulioandikwa kwenye mkebe wenyewe.

Usikigawe kijiko katikati. Mkebe wa kijiko kikubwa hautakutolea chupa ya 150 sawasawa, kwa sababu ungehitaji vijiko viwili na nusu, na nusu ya kijiko kwa jicho haiko sawa mara mbili mfululizo. Kwa mkebe wa namna hiyo tengeneza chupa za 120 au 180. Kijiko chenyewe kiwe kile kilichotoka ndani ya mkebe huo huo, kijazwe bila kushindilia, na kisawazishwe juu kwa kisu safi.

Pesa nyingi zinapotelea kwenye masalio. Chupa ikishatengenezwa ina saa mbili tu ikiwa haiko kwenye friji, na kilichobaki baada ya mtoto kunywa kinamwagwa, hakihifadhiwi kwa ajili ya baadaye. Mtoto anayekunywa mililita 100 katika chupa ya 150 anamwaga theluthi moja ya mkebe wako, na hapo shilingi 74 zimegeuka 111 kwa maziwa yaliyoingia tumboni. Mtazame kwa siku chache. Kama saa za jioni hamalizi, mtengenezee 120 kwa vijiko vinne na umwongeze saa ya kulisha. Na kama chupa na chuchu zinakusumbua kuziosha, wauguzi watakuonyesha kumlisha kwa kikombe kidogo. Kikombe kinasuguliwa chote kwa sabuni na kuoshwa kwa urahisi, chuchu ina vipembe vinavyoficha maziwa ya jana.

Nikija kwa jirani yako, najua anampenda mtoto, lakini hizo shilingi 5,900 za ziada kila mwezi hazinunui akili. Maziwa yote ya nambari moja yanatakiwa kufuata kiwango kimoja cha kimataifa cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kile cha mwaka 1981 ambacho kimekuwa kikirekebishwa, kinachoweka mipaka ya protini, mafuta, chuma, vitamini na nguvu kwa mtoto tangu siku ya kuzaliwa. Mkebe wa bei nafuu ukiwa halali umeshafikia kiwango hicho. Zile ziada zinazotajwa kwa maandishi makubwa mbele ya mkebe ghali, hasa mafuta ya aina fulani yanayosemwa kuwa ya ubongo, hazijaonyesha kwa uhakika kuwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake anakuwa mwerevu zaidi. Mkebe wa bei hiyo una maana pale daktari anapoagiza maziwa maalumu, kwa mfano kwa mtoto anayeharisha damu kwa sababu ya protini ya ng'ombe, au njiti. Wako ana kilo sita kwa miezi minne na hakuna aliyekwambia hivyo.

Sasa nambari. Nambari moja ni ya kuanzia kuzaliwa, nambari mbili ni kuanzia miezi sita, nambari tatu ni kuanzia mwaka. Nambari mbili imetengenezwa kwa mtoto ambaye tayari anakula uji, mboga na samaki, hivyo mchanganyiko wake wa protini na madini umepangwa kwa tumbo na figo zilizokomaa zaidi, na haukupangwa uwe chakula pekee cha mtoto. Huyu wa miezi minne hana kingine anachokula. Kila kitu mwili wake unachopata kinatoka ndani ya chupa hiyo. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukataa mkebe wa Kibuye, na ingebaki sababu hata kama mkebe wenyewe ungekuwa mpya kutoka kiwandani.

Na ule ushauri wa kuongeza maji, tafadhali ufute kabisa. Maji mengi hayageuzi nambari mbili kuwa nambari moja. Yanapunguza kila kitu kwa pamoja, hata kile alichokuwa anakihitaji. Mtoto tumbo linajaa, analala, nawe unaona ameshiba, lakini uzito unasimama. Kibaya zaidi, maji yakizidi chumvi ya damu inashuka, mtoto analegea, analala kupita kiasi, na anaweza kushikwa na degedege. Nimewaona akina mama wema kabisa wakifanya hivi mwishoni mwa mwezi ili mkebe ufike tarehe moja. Ikifika siku huna pesa ya mkebe, nenda kliniki siku hiyo hiyo uwaambie wazi. Wahudumu wa lishe katika hospitali za kaunti wamezoea watoto waliofiwa na mama, na ni bora wakusikie mapema kuliko wampokee mtoto akiwa wadi. Unga kuzidi nao una ubaya wake: mtoto anakosa maji mwilini, choo kinakuwa kigumu na figo zinafanya kazi kupita kiasi.

Hapo hapo nikupe habari ya kukupunguzia mzigo. Atakapofikisha miezi sita watu watakwambia uhamie nambari mbili. Si lazima. Nambari moja inamfaa mpaka mwaka mmoja, ikienda sambamba na chakula laini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, halipendekezi maziwa ya kuendeleza kwa mtoto wa miezi 12 hadi 23, na hapo yamo yale ya nambari tatu. Mwongozo huo unasema mtoto asiyenyonya wa miezi 6 hadi 11 anaweza kupewa maziwa ya mkebe au maziwa ya mnyama, na kuanzia mwaka mmoja ni maziwa ya mnyama. Kwa hiyo nambari tatu usiipangie hata senti. Akifika mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, au ya pakiti, yanamtosha akila ugali, mayai, omena iliyosagwa na mboga. Lakini kabla ya miezi sita usimpe maziwa ya ng'ombe matupu, wala ule unga wa maziwa ya chai unaopimwa kwa karatasi za nailoni sokoni. Unaweza kufanana na huu kwa rangi na harufu, na si chakula cha mtoto mchanga.

Sababu ya pili ni tarehe zake. Sasa tuutazame mkebe wako kwa karibu, maana ulivyoueleza umeniambia mengi. Kiwandani, nambari ya bechi na tarehe hupigwa na mashine moja kwa moja kwenye chuma cha chini ya mkebe, kwa vidoti vidogo vya wino au kwa mwale unaochoma rangi. Mistari inakuwa imenyooka, herufi za kimo kimoja, umbali sawa kati yao. Wino unafutika kwa kitambaa kilichochovywa tina ya rangi au asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Lakini tina haichagui. Inafuta wino na inakula pia ule ung'avu uliopakwa juu ya chuma, na inaacha doa jeupe lililofifia lenye ukubwa wa kitambaa. Doa hilo ndilo uliloliona. Herufi zilizopinda juu yake ni za muhuri wa mkono au mashine ndogo ya dukani. Kama tarehe zingekuwa zimechomwa, tina isingezitoa, ungeona mikwaruzo ya wembe au kibandiko kilichofunika sehemu ile.

Jaribio la kumaliza ubishi ni hili: lowesha kidole, usugue tarehe kwa nguvu. Ya kiwandani haitoki kirahisi kwa mate. Ya muhuri mara nyingi inachafua kidole. Kisha inamisha mkebe kwenye mwanga wa dirisha. Kivuli cha namba za zamani kinaweza kuonekana chini ya zile mpya. Soma pia tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha pamoja. Maziwa haya mara nyingi hupewa karibu miaka miwili, hivyo ukikuta pengo la miaka minne kuna mtu amecheza nalo.

Aliyefuta tarehe hakuwa na sababu nyingine isipokuwa kwamba ya kwanza ilikuwa imepita au imekaribia. Maziwa yaliyopita tarehe mara nyingi hayanuki vibaya wala hayana funza, na ndiyo sababu yanauzika. Kinachopungua ni vitamini, ambazo hufifia polepole hata mkebe ukiwa umefungwa, na mafuta, ambayo huanza kuchacha. Mtu mzima anayekunywa chai ya maziwa hayo angepata vitamini kwingine. Mtoto wako hana kwingine. Ongeza joto la Kisumu: mkebe uliokaa chini ya mabati ya kibanda mchana kutwa, siku baada ya siku, unaharibika haraka kuliko tarehe yake inavyodai, maana tarehe ile inahesabiwa kwa mahali pakavu na pasipo joto kali. Kwa sababu hiyo hata mkebe halali kabisa nisingeununua kwenye kibanda kilichopigwa jua.

Hasara ya pili ya kufuta sehemu ile ni kwamba nambari ya bechi imekwenda pamoja na tarehe. Bechi ndiyo njia pekee ya kujua kama mkebe wako ni miongoni mwa ile iliyoitwa irudishwe. Februari 2022 kampuni ya Abbott ya Marekani ilirudisha maziwa ya unga ya kiwanda chake kimoja cha jimbo la Michigan baada ya watoto kuugua, na wazazi walitambua mikebe yao kwa namba, herufi na tarehe za chini ya mkebe. Mkebe ule ule, duka lile lile, mmoja ulikuwa salama na mwingine haukuwa. Mwenye mkebe usio na bechi hawezi hata kuuliza.

Doa linaonyesha tarehe, halionyeshi kilichomo ndani, na kuna mikebe ambayo tarehe yake ni safi lakini unga umebadilishwa. Wanaofanya hivyo hununua mikebe mitupu, hujaza unga wa maziwa ya kawaida, wanga au krima ya chai, kisha hubandika foili mpya. Kabla ya kulipa, shika ukingo wa juu na uone kama kifuniko cha plastiki kimekaa imara, na kama mkebe haujabonyea kwenye mshono. Nyumbani, ukishatoa kifuniko, foili iwe imeshikamana pande zote bila alama ya gundi, bila makunyanzi ya kupigwa pasi, na bila tundu. Huko Nakuru, ambako ni juu sana kuliko Kisumu, foili inaweza kuvimba kidogo kwa sababu ya hewa, na hilo peke yake lisimtishe baba yake akinunua huko. Kijiko kiwepo, kiwe cha gramu zile zile zilizoandikwa kwenye jedwali. Unga uwe na rangi ya malai, umiminike wenyewe, usiwe na madonge magumu wala vipande vya kahawia. Ukinunua mara kwa mara mkebe wa aina moja, macho na pua yako vitakuwa kipimo kizuri, kwa sababu utajua chupa ya jana ilikuwaje.

Hatari ya unga bandia ni kwamba unaweza usimwangushe mtoto siku moja. Mwaka 2004 huko Fuyang, nchini Uchina, watoto waliopewa unga uliokuwa karibu hauna protini walivimba vichwa na nyuso, majirani wakidhani wananenepa, na zaidi ya kumi walikufa kwa utapiamlo. Kwa hiyo mizani ya kliniki ni ya lazima kwako. Katika umri huu mtoto anaongeza karibu nusu kilo kwa mwezi. Peleka kitabu chake kila mwezi, na kama umebadilisha mkebe au duka, mpeleke baada ya wiki mbili uone mstari umepanda. Uzito ukisimama, miguu ikivimba ukibonyeza ikaacha shimo, au nepi za mkojo zikipungua chini ya sita kwa siku, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda naye hospitali na ubebe mkebe wenyewe.

Kuhusu bei ya 1,900, jiulize ilitoka wapi. Faida ya mwenye duka kwenye maziwa haya ni ndogo, hawezi kukuuzia theluthi moja chini ya wenzake na bado ale. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ya kudhibiti mbadala wa maziwa ya mama inakataza kuyatangaza na kuyauza kwa vivutio kama punguzo la bei au zawadi. Duka linalofuata sheria halitakuwekea bango la ofa kwenye mkebe wa mtoto. Ukiona ofa, hiyo yenyewe ni dalili. Mambo ya Busia sisemi kila kinachopita pale ni kibovu, lakini bidhaa iliyopita pembeni haikukaguliwa na hakuna wa kumdai.

Huu ulio nao, uweke kando ukiwa umefungwa hivyo hivyo, maana ukiufungua utapoteza ushahidi. Upige picha chini, mbele na kwenye jedwali. Mrudie mama huyo ukiwa na mwenzako, mwonyeshe doa, umwombe pesa yako kwa upole. Huenda naye aliuziwa. Akikubali kurudisha pesa, mwambie wazi kwamba utaripoti, ili mkebe usirudi kwenye meza yake ukamfikia mtoto mwingine. Kisha piga simu ya bure ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, 1545, saa za kazi. Wana ofisi Kisumu na watataka picha hizo na mahali ulipoununua. Bidhaa nyingi za kutoka nje zinatakiwa kuwa na kibandiko chao cha ISM. Kikikosekana, hiyo ni dalili nyingine. Kikiwepo, bado hakiapi kwamba kilichomo ndani ni kile kilichokaguliwa, kwa sababu kibandiko kinahamishika. Ukikuta alama ya ubora yenye nambari ya kibali, unaweza kuikagua kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukiandika hivi, ukiweka nambari yako badala ya hii:

```
SM#12345
```

Kuanzia sasa nunua sehemu moja au mbili, supamaketi yenye watu wengi au duka la dawa lililosajiliwa, ambako mikebe haikai muda mrefu kwenye rafu, na uombe risiti yenye jina la bidhaa. Vuta ile ya nyuma ya rafu, mara nyingi ndiyo yenye tarehe ya mbali. Baba yake akitaka kukutumia mikebe kutoka Nakuru kwa gari la abiria, ni sawa, mradi anunue dukani na apige picha chini ya mkebe kabla ya kuufunga kwenye sanduku, nawe ulinganishe ukipokea.

Maji nayo ni sehemu ya usalama wa mkebe, kwa sababu hata unga halali haukutengenezwa bila vijidudu kabisa. Chemsha maji, yaache yapoe yasizidi nusu saa, na uyatumie yakiwa bado ya moto sana, nyuzi 70 au zaidi, ndiyo joto linaloua vijidudu vilivyomo kwenye unga. Tia maji kwanza kwa kipimo cha chupa, kisha unga, tikisa, halafu ipoze chupa kwenye bakuli la maji baridi mpaka tone likianguka kwenye mkono wako lisikuchome.

Na kila mkebe ukiisha, bandua karatasi yake ya nje na uutoboe kwa msumari chini na ubavuni kabla ya kuutupa. Usimpe wala kumuuzia anayekusanya mikebe mitupu ikiwa bado ina sura nzuri, hata akikuahidi shilingi ishirini.